Faida ya Dada, Mizania ya Duka

Januari 2025 dada yangu mkubwa, anayeishi Columbus, Ohio, aliniomba niingie naye kwenye biashara. Ana duka la vyakula vya nyumbani: unga wa muhogo, dagaa, mawese, maharage, samaki wa kugandishwa, na upande mmoja vitenge na mafuta ya nywele. Alitaka kufungua tawi Buffalo, New York, ambako binamu yetu angelisimamia. Mimi ningetoa dola 20,000 na kupata sehemu moja ya tano ya biashara yote. Hizo ndizo pesa zote nilizokuwa nimeweka kwa miaka minne ya zamu za usiku hapa Louisville, Kentucky, kwa ajili ya malipo ya kwanza ya nyumba.

Alinitumia karatasi moja, taarifa ya mapato ya mwaka 2024. Mstari wa mwisho ulisema faida: dola 29,000. "Mdogo wangu, hesabu ndiyo hiyo, sina cha kukuficha," aliniambia kwenye simu. Ni kweli, dada yangu si mtu wa kuficha. Lakini maswali yangu matatu karatasi ile haikuweza kuyajibu hata ingeandikwa na malaika: duka lina nini, duka linadaiwa nini, na kinachobaki baada ya hapo ni kiasi gani. Majibu ya hayo hukaa kwenye karatasi nyingine, ambayo wafanyabiashara wengi wadogo huku hawajawahi kuiona ya kwao. Inaitwa mizania.

Dada amenikubalia niyaandike haya ili mwingine asome kabla hajaulizwa swali kama langu na mtu anayempenda.

Mtiririko na hali

Mimi ni muuguzi. Nilipata stashahada Mwanza, na shahada nikaisomea hapa Marekani. Uhasibu nilijifunza darasa moja tu chuoni, lile la usimamizi wa wodi. Hata hivyo tofauti ya karatasi hizi mbili niliielewa upesi kwa sababu tunaiishi kila siku kazini.

Kitandani kwa mgonjwa wa moyo kuna chati ya maji yaliyoingia na yaliyotoka kwa zamu nzima. Chati hiyo inasimulia saa 12 zilizopita. Kisha alfajiri tunampima uzito, tunasikiliza mapafu, tunatazama uvimbe wa miguu. Hapo tunajua hali yake saa hiyo. Chati ya zamu inaweza kupendeza huku mapafu yamejaa maji ya wiki nzima. Taarifa ya mapato ni ile chati: inaanza Januari 1, inaisha Desemba 31, na inaeleza kilichopita kati ya siku hizo. Mizania ni kipimo cha alfajiri: inasema tarehe moja, siku moja, mambo yalikuwa hivi.

Muundo wake ni mfupi. Upande mmoja unaandika mali zote za biashara: pesa benki, bidhaa, vifaa, na fedha ambazo watu wanadaiwa na duka. Upande wa pili unaandika madeni yote. Mali ukitoa madeni, kinachobaki ni mtaji wa mwenye duka. Pande mbili lazima zilingane, kama mizani ya sokoni, na jina lake limetoka huko huko.

Kwa nini dada hakuwa nayo? Duka lake ni LLC ya mtu mmoja. Mtu wa namna hiyo hupeleka kodi yake ya shirikisho kwa fomu 1040, na biashara huielezea kwenye ukurasa unaoitwa Schedule C. Ukurasa huo unauliza mauzo, gharama na faida. Hauulizi benki kuna kiasi gani, wala unamdai nani au unadaiwa na nani. Ushirika na kampuni zina ukurasa wao wa mizania, Schedule L, ingawa zile ndogo sana husamehewa. Kwa hiyo mtu anaweza kuendesha duka miaka kumi, akalipa kodi vizuri, na asiulizwe hata mara moja hali ya duka lake. Anayekuja kuuliza ni benki, siku anapotaka mkopo. Au mdogo wake.

Tulivyoiandika

Louisville hadi Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa barabara ya I-71, ukipitia Cincinnati. Nilienda wikiendi moja, tukafungua kompyuta, taarifa za benki, ankara za wauzaji wa jumla na lile daftari la kaunta linaloandikwa wateja wanaokopa. Programu yake ya hesabu ni QuickBooks, na mle ndani ripoti zote mbili zipo kwenye ukurasa mmoja: `Profit and Loss` na `Balance Sheet`. Ile ya pili hakuwahi kuibonyeza. Tulipoifungua ilikuwa na mapengo, maana mkopo na madeni ya wauzaji hayakuwa yameingizwa sawasawa, kwa hiyo tukaijenga upya kwa mkono. Tulitengeneza mbili, ya mwisho wa 2023 na ya mwisho wa 2024, kwa kuwa kipimo kimoja hakisemi mgonjwa anapona au anazidiwa.

Mali za duka (2023, kisha 2024):

- Pesa benki: 16,000, 9,200
- Wateja wanaodaiwa: 3,000, 6,800
- Bidhaa dukani: 40,000, 61,000
- Amana kwa mwenye jengo: 4,400, 4,400
- Friza, rafu na gari, baada ya uchakavu: 21,600, 17,600
- Jumla: 85,000, 99,000

Madeni na mtaji (2023, kisha 2024):

- Wauzaji wa jumla: 14,000, 31,500
- Kodi zilizokusanywa au kukatwa, hazijapelekwa: 3,000; 4,900
- Kadi ya mkopo: 2,000, 12,600
- Mkopo wa kufungulia duka: 33,000; 24,000
- Mtaji wa dada: 33,000, 26,000
- Jumla: 85,000, 99,000

Dada aliitazama kimya. Kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha makala hii: "Nimepata faida elfu ishirini na tisa. Mbona mtaji umepungua elfu saba?"

Pesa za nyumbani si gharama ya duka

Jibu la swali lake ni hesabu moja. Mtaji ulianza 33,000. Ukiongeza faida ya 29,000 unapata 62,000. Mwisho wa mwaka umebaki 26,000. Basi 36,000 zimetoka, na hazikutoka kama gharama, kwani gharama zote zilishatolewa kabla ya kupata faida. Alizichukua yeye mwenyewe, dola 3,000 kila mwezi: kodi ya nyumba yake, ada ya mtoto wa kaka, na bati la nyumba ya Mama kule Kigoma.

Mwenye LLC ya mtu mmoja hajilipi mshahara; huchukua pesa dukani. Kwa sheria za hesabu anachochukua hakihesabiwi kama gharama, kwa hiyo taarifa ya mapato haikitaji popote. Kinapunguza mtaji moja kwa moja, na mtaji unaonekana kwenye mizania peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuona faida kila mwaka na duka linakonda kila mwaka. Dada hakuwa mbadhirifu. Alikuwa anaishi na kusaidia familia kwa kadiri alivyoamini duka linaweza, na karatasi aliyokuwa nayo haikuwa na mstari wa kumwambia amezidi kwa dola 7,000.

Mkopo nao uko hivyo hivyo. Mwaka 2024 alilipa 9,000 za mkopo wenyewe, ukiacha riba. Taarifa ya mapato inaandika riba tu kama gharama. Zile 9,000 zilitoka benki kweli, lakini kwenye faida hazigusi chochote. Utaziona pale tu ambapo deni limeshuka kutoka 33,000 hadi 24,000. Hilo lilikuwa jambo jema alilolifanya, na nalo karatasi yake ya kwanza haikumsifia.

Faida iliyolala kwenye rafu

Swali lililofuata lilikuwa langu. Kama duka lilipata faida, mbona benki imeshuka kutoka 16,000 hadi 9,200, na kadi imepanda?

Angalia bidhaa: 40,000 zimekuwa 61,000. Duka linaponunua gunia la unga, gunia hilo halihesabiwi kama gharama siku ile. Linakuwa mali hadi liuzwe. Kwa hiyo dola 21,000 za ziada ziliingia kwenye rafu bila kupunguza faida hata senti. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka kwa wauzaji wa jumla, ambao deni lao lilipanda kwa 17,500, na nyingine ikatoka kwenye kadi. Wauzaji wake humpa siku 30. Bidhaa anazonunua kwa mwezi ni kama 26,400 kwa wastani, na deni lilikuwa 31,500. Maana yake ni kwamba, kama ununuzi ulikuwa sawa kila mwezi, angalau 5,000 zilikuwa zimepita siku zake. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kudai pesa kabla ya kushusha mzigo. Dada alidhani huyo muuzaji amebadilika tabia. Kumbe mizania ilikuwa na maelezo.

Jumapili tuliingia stoo kuhesabu. Namba ya 61,000 ilikuwa ya kompyuta: kilichonunuliwa, ukitoa kilichouzwa. Kompyuta haijui mdudu aliyeingia kwenye unga, wala friza iliyozima usiku mmoja wa Julai, wala vitenge vya mtindo uliopita ambavyo hakuna anayevitaka hata kwa nusu bei. Tulihesabu hadi saa mbili usiku. Kwa bei ya kununulia, au bei ambayo kwa haki zingeuzika kama hiyo ni ndogo zaidi, bidhaa zilikuwa 50,000. Zile 11,000 nyingine hazikuwepo.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani mizania ni nyongeza ya taarifa ya mapato. Kumbe pia ni mkaguzi wake. Gharama ya bidhaa zilizouzwa hupatikana kwa kuchukua bidhaa za mwanzo, kuongeza zilizonunuliwa, na kutoa zilizobaki. Ukikosea zilizobaki, umekosea faida kwa kiasi hicho hicho. Bidhaa zikishuka kutoka 61,000 hadi 50,000, gharama inapanda kwa 11,000 na faida inashuka kutoka 29,000 hadi 18,000. Mtaji nao unashuka kutoka 26,000 hadi 15,000. Faida kwenye duka ni nzuri kadiri hesabu ya rafu ilivyo nzuri, na rafu hukaguliwa upande wa mizania.

Kuna dalili unayoweza kuiona hata kabla ya kuhesabu. Duka la dada lilikuwa linauza bidhaa za gharama ya 24,700 hivi kwa mwezi. Ukiwa na 61,000 stoo, umebeba mzigo wa miezi miwili na nusu, na wewe unauza vyakula. Bidhaa zikikua haraka kuliko mauzo, ama umenunua kupita kiasi au kuna kitu hakipo.

Pesa za wengine kwenye akaunti yako

Benki kulikuwa na 9,200. Lakini tazama mstari wa kodi: 4,900. Ohio haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vya kupeleka nyumbani, ila vitenge, mafuta ya nywele na soda vinatozwa, na mwaka 2024 katika kaunti ya Franklin kiwango kilikuwa asilimia 7.5. Mteja anapokulipa kodi hiyo si mauzo yako, kwa hiyo haiingii kwenye taarifa ya mapato. Inaingia benki kwako na kukaa kama deni hadi uipeleke serikalini. Vivyo hivyo kodi na michango unayoikata kwenye mshahara wa msaidizi wako: ni ya IRS tangu siku ya malipo.

Deni hili ni baya kuliko ya muuzaji wa mchele. Kodi iliyokatwa kwa wafanyakazi IRS huihesabu kama amana, na isipopelekwa kwa makusudi inaweza kumfuata mtu binafsi aliyekuwa na jukumu la kuilipa, hata kama biashara ni LLC. Basi pesa za dada mwenyewe zilikuwa 4,300. Kodi ya jengo ni 2,200 kwa mwezi. Hakuna mwezi wa pili.

Binamu yetu wa Buffalo ana somo kama hilo kwa sura nyingine. Yeye hupika kwa ajili ya sherehe: pilau, sambusa, mandazi. Nilipomweleza tulichokifanya Columbus, alitaka naye tumtazame. Benki alikuwa na dola 11,000, na alijiona yuko vizuri. Kumbe 4,500 zilikuwa malipo ya awali ya harusi za kiangazi ambazo bado hajazipika. Hadi siku ya sherehe hilo ni deni: anadaiwa chakula au anadaiwa pesa. Na huko chakula kilichopikwa kinatozwa kodi ya mauzo, asilimia 8.75 katika kaunti ya Erie, ambayo yeye huipeleka kila robo mwaka. Kwa mauzo ya 24,000 ya robo hiyo, 2,100 zilikuwa za serikali. Zake ni 4,400. Lakini hana mkopo, hana kadi yenye deni, na masufuria yake ameshayalipia. Faida yake ya mwaka ni nusu ya aliyoiandika dada, na usingizi wake ni mzuri zaidi.

Wakubwa nao huanguka hapo hapo

Wanaotoka Kenya wanalikumbuka jina Nakumatt. Ilianzia Nakuru ikauza magodoro, ikawa mnyororo wa maduka makubwa zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ilichukua hata maduka ya Shoprite huku kwetu Tanzania. Mtu aliyekuwa akitazama foleni kwenye malipo hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Ilichokuwa inakua nacho ni madeni, ya benki na ya wauzaji waliokuwa wakisubiri kulipwa. Wauzaji walipoacha kuleta mizigo, mwaka 2017 rafu zilianza kuonekana tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe.

Nilimtajia dada Nakumatt kwa sababu moja: tawi jipya halitibu mizania mbovu. Linaongeza rafu za kujaza kwa pesa za wauzaji wale wale.

Mizania haisemi kila kitu

Nisije nikaisifu kupita kiasi. Mizania ni ya siku moja, na siku inaweza kuchaguliwa. Ukiiandika siku moja baada ya kulipa kila mtu inapendeza, wiki ijayo hapana. Vifaa vinaandikwa kwa bei uliyonunulia ukitoa uchakavu, si kwa bei ya soko. Friza za dada, zilizoandikwa humo pamoja na gari kwa 17,600, pengine zingeuzwa kwa nusu ya hapo.

Tena kuna vitu vyenye thamani ambavyo havimo kabisa: wateja waliomzoea, jina lake, kona nzuri ya barabara. Kwa hiyo mtaji wa 15,000 hauna maana kwamba duka haliwezi kuuzwa zaidi ya hapo. Anayenunua hununua pia faida ya baadaye. Upande wa pili, mkataba wa jengo wenye miaka mitatu iliyobaki na sahihi ya dada kama mdhamini haukuwa kwenye mizania yetu ya mkono, na wala faida ya 18,000 haikuwa imetoa mshahara wa mtu anayefungua duka saa tatu asubuhi siku sita kwa wiki, ambaye ni yeye.

Nikayaweka yote pamoja. Baada ya kuweka 20,000 zangu, mtaji ungekuwa 35,000, na sehemu yangu ya tano 7,000. Zile 13,000 nyingine ningekuwa nimelipia jina na faida ya kesho, ilhali faida yenyewe haijatosha mshahara wa mwenye duka. Tena mkopo waliotaka kuuomba kwa tawi la Buffalo ulikuwa wa mpango wa SBA, na huko kila mwenye asilimia 20 au zaidi hutakiwa kuweka dhamana binafsi. Sehemu moja ya tano ni asilimia 20 kamili. Ningekuwa nadaiwa kwa jina langu, na nyumba ninayoitafuta Louisville ingekuwa ndani ya hatari hiyo kabla sijainunua.

Tulichoamua

Nilimwambia dada hapana kuhusu sehemu ya biashara, na hapana kuhusu Buffalo kwa mwaka huo. Haikuwa rahisi kusema, na kwake haikuwa rahisi kusikia. Siku tatu hatukupigiana simu. Lakini hatukuwa tunagombana kuhusu mimi kumwamini au kutomwamini. Karatasi ilikuwa mezani, ameiandika kwa mkono wake. Aliponipigia aliuliza tu, "Sasa tunaanzia mstari gani?"

Tulianzia kadi, kwa kuwa riba yake ilikuwa asilimia 26. Nilimkopesha 8,000 kwa maandishi, na tarehe za kurejesha. Kumbuka kwamba mkopo wangu haukuongeza mtaji wake hata dola moja: kadi ilishuka kutoka 12,600 hadi 4,600, na mstari mpya wenye jina langu ukaandikwa 8,000. Deni lilihama mkono tu. Faida yake ni riba aliyoacha kulipa. Vitenge vikauzwa kwa bei yoyote iliyopatikana, na hakuagiza vingine. Kodi akazifungulia akaunti ya pembeni, kila Ijumaa anahamisha. Na kwa ajili ya nyumbani anachukua 2,000 badala ya 3,000. Hapo ndipo familia nzima ilipohusika, maana tulilazimika kuongea na kaka na Mama, tukagawana upya ada na bati. Mama alisema jambo moja: kama mngeniambia zamani, ningesubiri bati.

Juni 30 tuliandika mizania nyingine, baada ya kuhesabu rafu kwanza. Faida ya miezi sita ilikuwa 17,000, alichochukua 12,000, mtaji ukapanda kutoka 15,000 hadi 20,000. Bidhaa 44,000. Wauzaji wa jumla 21,000, na yule aliyekuwa akidai pesa mkononi amerudi kwenye siku 30.

Kama una biashara, unaweza kuifanya yako jioni moja. Chagua tarehe ya mwisho wa mwezi. Andika salio la benki la siku hiyo. Hesabu bidhaa kwa macho, si kwa kompyuta. Andika wanaokudai na unaowadai, mmoja mmoja kwa jina, pamoja na serikali na wateja waliotanguliza malipo. Toa madeni kwenye mali. Kisha ifanye tena baada ya miezi mitatu, uone mtaji umeelekea wapi, na ulinganishe mabadiliko hayo na faida uliyoambiwa umepata. Zikipishana, tofauti hiyo ni pesa ulizochukua au ulizoweka, au ni kosa, na vyote vitatu inafaa uvijue.

Habari ya Buffalo haijafa. Tumekubaliana sharti moja la kuizungumza tena: salio la benki, baada ya kutoa pesa zote za wengine, litoshe kodi ya jengo na mshahara wa msaidizi kwa miezi mitatu, na muuzaji yeyote asiwe amepitilizwa siku zake. Binamu ameiandika namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika kwenye jokofu lake. Dada ameiandika kwenye lile daftari la kaunta, ukurasa wa kwanza, juu ya majina ya wanaokopa.